"Na" inayozidishwa: mchoro wa mti wa mipira miwili isiyorudishwa mfukoni

*"Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, Masasi. Mfuko una mipira 10, myekundu 6 na ya bluu 4. Natoa miwili, mmoja baada ya mwingine, bila kurudisha. Nimeulizwa uwezekano wa kupata rangi mbili tofauti. Nimepata 4/15, ila majibu ya nyuma ya kitabu yanasema 8/15. Halafu kwa nini tunazidisha? Mwekundu NA wa bluu, mimi najua 'na' ni kujumlisha."*

Marahaba, mwanangu. Kitabu kiko sahihi, ni 8/15. Hiyo 4/15 yako nayo haikutoka hewani: ni nusu kamili ya jibu. Ulichozidisha ulikizidisha vizuri, ila kuna njia moja umeiacha bila kuihesabu. Nianze na swali lako la mwisho, maana likieleweka hilo, hiyo njia iliyoachwa utaiona mwenyewe.

Kinachokuchanganya ni lugha yetu yenyewe. Tunasema kumi na mbili, maana yake 10 + 2. Tunasema tatu na nne ni saba. Tangu darasa la kwanza "na" imekuwa neno la kujumlisha, kwa hiyo ukikutana na "mwekundu na wa bluu" mkono unakwenda wenyewe kwenye alama ya +. Lakini hapo "na" haiunganishi namba mbili. Inaunganisha matukio mawili: la kwanza litokee, na likishatokea, la pili nalo litokee. Neno linalobeba hesabu yake kwa Kiswahili ni "ya", ile ya "nusu ya robo". Mama akipima robo kilo ya ufuta, kisha akamgawia jirani nusu ya ile robo, jirani kapata 1/2 × 1/4 = 1/8 ya kilo, yaani gramu 125. Hakuna atakayejumlisha nusu na robo akasema jirani kapata robo tatu ya kilo, maana kilo robo tatu haikuwapo pale tangu mwanzo.

Sasa lete hiyo "ya" kwenye mfuko wako. Chukua kwamba wanafunzi 90 wamepewa kila mmoja mfuko wake, kila mfuko una mipira myekundu 6 na ya bluu 4, na kila mmoja anatoa mpira mmoja bila kuchungulia. Kwa wastani, 6/10 ya wanafunzi hao watashika mwekundu, yaani 54. Waliobaki 36 watashika wa bluu. Hapo hatua ya kwanza imekwisha, na mpira uliotolewa uko mezani, haurudi.

Watazame wale 54 peke yao. Kila mmoja wao sasa ana mfuko wa mipira 9: myekundu 5, kwa kuwa mmoja uko mezani, na ya bluu 4 kama ilivyokuwa. Wakitoa wa pili, 5/9 yao watapata mwekundu tena. 5/9 ya 54 ni 30. Wengine 4/9, yaani 24, watapata wa bluu. Kisha nenda kwa wale 36 walioanza na bluu. Mifuko yao pia ina mipira 9, ila mchanganyiko ni mwingine: myekundu 6 yote ipo, ya bluu imebaki 3. Kwa hiyo 6/9 ya 36, ambayo ni 24, watapata mwekundu, na 3/9 ya 36, ambayo ni 12, watapata wa bluu tena.

Angalia tulichofanya ili kufika kwenye 30. Tulichukua 90, tukaikata kwa 6/10, halafu kilichobaki tukakikata kwa 5/9. Sehemu ya sehemu. Hiyo ndiyo 6/10 × 5/9 = 30/90. Kuzidisha kwenye matawi ni kulipunguza kundi kila linapogawanyika, na ndiyo maana zao halizidi kamwe uwezekano wa tawi lolote lililozidishwa. Ukijumlisha 6/10 na 5/9 unapata namba inayozidi 1, na uwezekano unaozidi 1 haupo duniani.

Mchoro wa mti ni picha ya mgawanyiko huo huo. Uchore kuanzia kushoto kwenda kulia, karatasi ukiilaza, ili matawi ya pili yapate nafasi. N ni nyekundu, B ni bluu:

```
                 5/9 --- N    NN = 30/90
   6/10 --- N --<
  /              4/9 --- B    NB = 24/90
 *
  \              6/9 --- N    BN = 24/90
   4/10 --- B --<
                 3/9 --- B    BB = 12/90
```

Kila tawi linabeba vitu viwili na kila kimoja kina mahali pake. Uwezekano unaandikwa juu ya mstari, na rangi inaandikwa kwenye ncha. Ukivichanganya, ukaandika sehemu kwenye ncha, utafika katikati ya hesabu usijue ni kipi unachozidisha. Sehemu iliyo kwenye tawi la pili haisomwi peke yake pia. Ile 5/9 ya juu inasomeka hivi: "uwezekano wa kupata mwekundu, ikiwa wa kwanza umeshatoka mwekundu." Maneno ya "ikiwa" yamo ndani ya mahali pa tawi. Ndiyo sababu 5/9 iko juu, nyuma ya N, na 6/9 iko chini, nyuma ya B, ingawa zote mbili zinazungumzia mpira mwekundu.

Hapa tunafika kwenye 4/15 yako. Ulizidisha 6/10 × 4/9, ukapata 24/90, na 24/90 ukiirahisisha ni 4/15. Hiyo ni njia ya NB: mwekundu kwanza, bluu baadaye. Lakini swali halikusema ipi itangulie. Limesema rangi mbili tofauti. Wale wanafunzi 24 walioanza na bluu wakamalizia na mwekundu nao wana rangi mbili tofauti mezani, na hujawahesabu. Wajumlishe: 24/90 + 24/90 = 48/90 = 8/15.

Na hapo ndipo kujumlisha kunapopata kazi yake. Ukienda mbele kwenye njia moja, kutoka shina hadi ncha, unazidisha. Ukishafika kwenye ncha na ukaona zaidi ya ncha moja inakidhi swali, unajumlisha ncha hizo kwa kushuka. Unaweza kujumlisha bila wasiwasi kwa sababu hakuna mwanafunzi aliye kwenye ncha mbili kwa wakati mmoja. Aliyetoka NB hawezi kuwa pia BN. Wengi hufundishwa kwamba "na" ni zidisha na "au" ni jumlisha. Kanuni hiyo inasaidia, ila mimi siipendi ikiwa peke yake, kwa sababu swali lako limeandikwa "rangi mbili tofauti" na ndani yake hakuna "na" wala "au". Anayetafuta maneno atakwama. Anayetafuta ncha ataziona mbili.

Kuna jambo moja la uandishi ambalo huharibu hesabu za watu wengi kuliko kuzidisha kwenyewe: kurahisisha mapema. Ukiona 6/10, mkono unataka kuandika 3/5. Ni kweli zinalingana, na kwa mpira wa kwanza hakuna madhara. Madhara yanakuja kwenye wa pili. Macho yanaiona 3/5, akili inasema "nimetoa mmoja", na kwenye tawi linalofuata unaandika 2/4. Sasa umepata 3/5 × 2/4 = 6/20, yaani 3/10, wakati jibu la NN ni 30/90, yaani 1/3. Kosa ni kwamba mfuko wa mipira 10 yenye myekundu 6 na mfuko wa mipira 5 yenye myekundu 3 hufanana kwa mpira wa kwanza tu. Ukishatoa mmoja, wa kwanza una 5 kati ya 9, wa pili una 2 kati ya 4. Kwa hiyo acha namba zibaki kama mipira ilivyo mfukoni, namba ya chini iwe ni idadi ya mipira iliyopo kweli, na urahisishe mara moja tu, mwisho kabisa, baada ya kujumlisha. Faida nyingine ni kwamba ncha zote zitakuwa na asili moja, hapa 90, na kujumlisha kunakuwa kazi ya sekunde mbili.

Makosa mengine mawili yako kwenye kupunguza, na yote mawili yanajitangaza ukijua pa kutazama. La kwanza ni kupunguza namba ya chini na kusahau ya juu: baada ya mwekundu kutoka, mtu anaandika 6/9 kwa mwekundu na 4/9 kwa bluu. La pili ni kupunguza kila kitu: 5/9 kwa mwekundu na 3/9 kwa bluu, kana kwamba mkono mmoja umetoa mipira miwili ya rangi mbili. Matawi mawili yanayotoka kwenye kifundo kimoja lazima yakamilishe 1, maana mpira utakaotoka ni ama mwekundu ama wa bluu, hakuna wa tatu. Jaribu kosa la kwanza: 6/9 + 4/9 = 10/9, imezidi. Jaribu la pili: 5/9 + 3/9 = 8/9, imepungua. Ukiangalia kila kifundo hivi kabla hujazidisha, utalikamata kosa likiwa bado dogo. Kisha ukimaliza kuzidisha, jumlisha ncha zote nne: 30 + 24 + 24 + 12 = 90, kwa hiyo 90/90.

Ukaguzi huo una mpaka wake, na ni vizuri uujue. Hautakuonyesha kama umesahau kwamba mpira haurudi. Aliyechora matawi yote kwa 6/10 na 4/10 atapata 36/100, 24/100, 24/100 na 16/100, na jumla yake ni 100/100 safi kabisa. Mti wake ni mzima, ila ni mti wa swali lingine, lile la kurudisha. Kwa jibu la rangi tofauti atapata 48/100, yaani 0.48, badala ya 8/15 ambayo ni karibu 0.53. Hapo akili ndiyo inayokagua: ukitoa mwekundu na kuuweka mezani, myekundu imepungua mfukoni, basi bluu inapata nafasi kubwa zaidi kuliko mwanzo, 4/9 badala ya 4/10. Bila kurudisha, rangi tofauti lazima iwe rahisi zaidi kupatikana. Ukiona jibu lako ni dogo kuliko la kurudisha, rudi kwenye matawi ya pili.

Mti huo huo unajibu maswali mengine bila kuchora upya. Wakiuliza "angalau mmoja uwe mwekundu", unaweza kujumlisha ncha tatu, 30 + 24 + 24, upate 78/90. Au utoe ncha moja isiyotakiwa, BB, kutoka kwenye 1: 1 − 12/90 = 78/90 = 13/15. Njia ya pili ni fupi, na mipira ikiwa mitatu badala ya miwili ufupi wake unaonekana zaidi, maana ncha zinakuwa nane.

Swali linalowatega hata wanaojua kuchora ni hili: "Ni nini uwezekano kwamba mpira wa pili ni mwekundu?" Wengi wanaandika 5/9 papo hapo. Lakini 5/9 ina ile "ikiwa" ndani yake, na swali halikusema wa kwanza ulikuwa rangi gani. Tafuta ncha zote ambazo herufi ya pili ni N: NN na BN. 30/90 + 24/90 = 54/90, ambayo ni 6/10. Sawasawa na wa mpira wa kwanza! Kama inakushangaza, fikiria kwamba mtu ametoa mpira wa kwanza gizani na kuufunika kwa kifuu cha nazi bila mtu yeyote kuuona. Huna habari yoyote mpya kuhusu mfuko. Mpira wowote kati ya ile 10 una nafasi sawa ya kuwa ndio wa pili, na 6 kati yao ni myekundu. Uwezekano hubadilika kuwa 5/9 pale tu unapofunua kifuu na kuukuta wa kwanza ni mwekundu.

Vilevile usibabaike swali likisema "anatoa mipira miwili kwa pamoja" badala ya "mmoja baada ya mwingine". Mipira miwili haiwezi kuwa mpira mmoja, kwa hiyo hakuna kilichorudishwa, na mti ni huu huu. Unaweza kuthibitisha kwa kuhesabu jozi. Jozi zote za mipira 10 ni 45, na za rangi tofauti ni 6 × 4 = 24. 24/45 ni 8/15. Umefika pale pale kwa barabara nyingine.

Ukitaka kulithibitisha kwa mikono yako, huhitaji mipira. Chukua vizibo vya soda 10, vipake 6 rangi moja na 4 rangi nyingine, uviweke kwenye mfuko wa kitambaa. Muhimu ni vidole visivitofautishe. Ukitumia korosho na karanga jaribio limeharibika, maana mkono unajua kilichoshikwa kabla jicho halijaona, na hapo nafasi si sawa tena. Toa kizibo, kiweke mezani, toa cha pili, andika kama rangi ni tofauti au moja, rudisha vyote viwili, tikisa vizuri, uanze tena. Fanya mara 90. Mti unakuambia utegemee rangi tofauti kama mara 48, lakini si 48 kamili. Popote kati ya 39 na 57 ni kawaida. Ingekuwa 4/15 ndiyo jibu, ungepata kama mara 24, na tofauti ya 24 na 48 utaiona waziwazi. Jaribio hili la mara 90 halitoshi, hata hivyo, kutenganisha kurudisha na kutorudisha, kwa sababu la kurudisha lingetoa kama 43, na 43 iko ndani ya kawaida ya 48. Tofauti ndogo hivyo hudai majaribio mengi zaidi, au hesabu ya mti.

Unaweza kujiuliza kama kurudisha au kutorudisha kuna uzito wowote nje ya darasa. Inategemea ukubwa wa mfuko. Chukua korosho 10 mkononi, moja ni mbovu. Uwezekano wa kuchukua mbili zote mbovu ukirudisha ni 1/10 × 1/10 = 1/100. Usiporudisha ni 1/10 × 0/9 = 0, tawi limekufa, maana mbovu ilikuwa moja tu na iko mezani. Sasa chukua gunia la korosho ghafi la kilo 80. Tukikadiria korosho 180 kwa kilo, gunia lina 14,400. Tuseme 1,440 ni mbovu, ile ile moja ya kumi. Ukichota mbili bila kurudisha, zote kuwa mbovu ni 1440/14400 × 1439/14399, karibu 0.00999. Ukirudisha ni 0.01. Hakuna mnunuzi ghalani atakayeiona tofauti hiyo. Kiganjani, kutorudisha kumebadilisha jibu lote. Kwenye gunia, kumebadilisha vumbi. Kwenye mtihani mifuko huwa midogo, kwa hiyo usiache kupunguza.

Jaribu huu mmoja kabla hujalala: mfuko una mipira 12, myekundu 7 na ya bluu 5, unatoa miwili bila kurudisha. Ncha zako zote ziwe na 132 chini. Juu zisomeke 42, 35, 35 na 20. Ukipata rangi tofauti ni 35/132, umeiacha ile njia moja tena. Ukipata 70/132, irahisishe hadi 35/66.